Hita ya Gesi Bafuni: Hewa Inaingilia Wapi, Moshi Unatokea Wapi?

Mada yetu ni kifaa kinachozidi kuonekana katika nyumba za mijini, yaani hita ndogo ya gesi inayofungwa ukutani, ambayo hupasha maji moto papo hapo wakati mtu anapooga. Kifaa hiki kimeenea sana nchini India, ambako katika miezi ya baridi hospitali za miji kadhaa hupokea watu waliokutwa wameanguka bafuni, na kifaa cha aina hiyohiyo kinauzwa pia katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam. Mazungumzo haya yataeleza kwa nini mtu mwenye afya njema huweza kuingia bafuni akitembea na akatolewa amebebwa, ingawa mtungi wa gesi hauvuji na mpira wake hauna tatizo lolote.

Ni vyema kuanza na namna hita hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu hatari yake imo katika utendaji wake wa kila siku. Ndani ya kasha lake mna bomba jembamba la shaba lililozungushwa juu ya kichomeo, na chini yake mna kiwambo kinachosukumwa na maji. Mwogaji anapofungua bomba la mvua, msukumo wa maji hukisogeza kiwambo hicho, kiwambo hufungua njia ya gesi, cheche huwaka zenyewe kwa nguvu ya betri, na baada ya sekunde chache maji hutoka yakiwa moto. Maji yakifungwa, gesi nayo hukatika. Kwa maneno mengine, kinachoamuru moto uwake au uzimike ni maji yanayopita, wala si mtu aliyesimama chini yake. Jambo hilo lizingatiwe, kwa kuwa maana yake ni kwamba mwogaji akipoteza fahamu huku bomba likiwa wazi, maji huendelea kutiririka na moto huendelea kuwaka.

Sasa, moto huo unahitaji nini ili uwake vizuri? Unahitaji gesi, na unahitaji hewa nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani. Gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, ikipata hewa ya kutosha huungua kabisa na kuacha mvuke wa maji pamoja na kaboni dayoksaidi, yaani hewa ileile ambayo binadamu huitoa anapopumua. Hewa ikipungua, uunguaji hukatika njiani, na sehemu ya kaboni iliyokuwa ipate atomu mbili za oksijeni hupata moja tu. Hapo huzaliwa kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyo na ladha na isiyowasha macho wala koo.

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue bafu moja la kawaida na kulifanyia hesabu nyepesi. Bafu hilo lina upana wa mita moja na nusu, urefu wa mita mbili na kimo cha mita mbili na nusu, kwa hiyo linabeba lita 7,500 za hewa. Ukutani imefungwa hita ndogo inayotoa lita sita za maji kwa dakika, na baridi ya asubuhi inaifanya ipandishe joto la maji kwa nyuzi 25 hivi. Kazi hiyo hula takriban gramu 900 za gesi kwa saa. Mtu akioga kwa robo saa, gesi iliyoungua haifiki hata robo kilo, lakini ili iungue kabisa inahitaji hewa inayokaribia lita 3,000. Hizo ni kama sehemu nne katika kila kumi za hewa yote iliyomo bafuni. Ikiwa dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi, na mlango umefungwa kwa ajili ya staha, hewa hiyo itatoka wapi?

Jibu ni kwamba haitoki popote. Moto hulazimika kutumia hewa ileile ambayo tayari imechanganyika na moshi wake wenyewe, na kila dakika inayopita huupatia hewa iliyo dhaifu zaidi. Mwogaji hahisi upungufu huo mapema, kwa sababu oksijeni ikishuka kidogo chini ya kiwango chake cha kawaida cha asilimia 21, mwili bado hujimudu, lakini kichomeo huathirika upesi na huanza kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Tuseme kwamba katika robo saa hiyo sehemu moja tu kati ya 20 za kaboni iliyomo kwenye gesi imegeuka kuwa sumu. Hesabu huonyesha kwamba bafu hilo litakuwa na lita 20 hivi za kaboni monoksaidi. Je, kiasi hicho ni kikubwa? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa muda wa dakika 15 mtu asivute zaidi ya miligramu 100 za kaboni monoksaidi katika kila mita ya ujazo ya hewa, na katika bafu hili dogo kiwango hicho hakifiki hata lita moja. Hewa inayopenya chini ya mlango huipunguza sumu hiyo kwa kiasi fulani, na si kila hita itachafua hewa kwa kiwango sawa, lakini hesabu hii inatosha kuonyesha kwamba hakuna haja ya ajali kubwa wala mlipuko. Kinachotosha ni chumba kidogo, mlango uliofungwa na robo saa.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo ambalo familia nyingi hazilitambui. Watu wanapooga kwa kupokezana, yule wa kwanza huanza na hewa safi, lakini wa pili na wa tatu huanza pale alipoishia mwenzao, wakiwa na hewa iliyokwisha kuchakaa na sumu iliyokwisha kukusanyika. Kwa hiyo, mtu wa kwanza kutoka salama si ushahidi kwamba wa pili naye atatoka salama, na hita kutumika mwaka mzima bila tatizo wakati dirisha likiwa wazi hakuthibitishi kwamba itakuwa salama siku ya baridi dirisha linapofungwa.

Wasikilizaji wapenzi, huenda baadhi yenu mnajiuliza: kwa nini mwogaji asinuse gesi akatoka mapema? Swali hilo ni la msingi. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu kali, na harufu inayojulikana na kila mpishi hutiwa kiwandani kwa makusudi ili mtu agundue mtungi unapovuja. Lakini katika tukio tunalolizungumzia hakuna uvujaji wowote, kwa kuwa gesi imeungua, na harufu ile imeungua pamoja nayo. Pua, ambayo ni mlinzi mzuri jikoni, haina msaada bafuni, na anayesema kwamba hita yake ni salama kwa kuwa hajawahi kunusa gesi anajibu swali ambalo halikuulizwa.

Ndani ya mwili, sumu hii hufanya kazi kwa njia ya pekee. Damu husafirisha oksijeni kwa kutumia himoglobini, ambayo ni protini iliyomo katika chembe nyekundu za damu. Himoglobini inaweza kulinganishwa na viti vya daladala ambavyo kwa kawaida hukaliwa na oksijeni kutoka kwenye mapafu hadi kwenye ubongo na moyo, ambako abiria huyo hushuka. Kaboni monoksaidi ni abiria anayewahi viti hivyo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na akishakaa hashuki upesi. Jambo hilo la sumu kuiondoa oksijeni kwenye damu lilielezwa na mtaalamu wa fiziolojia wa Ufaransa, Claude Bernard, katikati ya karne ya 19, na tangu hapo msingi wake haujabadilika.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Bafuni dalili hizo huja pamoja na joto la maji, ambalo hupanua mishipa ya damu na kushusha shinikizo lake, na pamoja na kusimama wima, hivyo mwogaji huanguka mapema kuliko ambavyo angeanguka kama angekuwa ameketi sebuleni. Wengine hutambua kwamba kuna tatizo, wakataka kufungua komeo la mlango, lakini miguu haiwatii. Wengine hupatwa na degedege. Na kama ilivyokwisha kuelezwa, maji huendelea kutiririka, moto huendelea kuwaka, na aliyeanguka huendelea kuivuta hewa ileile.

Kufikia hapa tumeliona swali la kwanza, yaani hewa ya kuwashia moto inaingilia wapi. Swali la pili ni hili: moshi unatokea wapi? Mwaka 1868, huko London, mchoraji aitwaye Benjamin Waddy Maughan alisajili hita ya bafuni iliyopasha maji moto kwa gesi papo hapo, na hita yake haikuwa na bomba lolote la kuutoa moshi nje. Dosari hiyo inajulikana tangu zamani, lakini hata leo zinauzwa hita ndogo zisizo na bomba la moshi, ambazo humwaga kila kitu ndani ya chumba zilimofungwa. Hita ya aina hiyo haifai kufungwa bafuni kwa hali yoyote, na mara nyingi kijitabu cha mtengenezaji husema hivyo waziwazi, ila kijitabu hubaki ndani ya boksi huku fundi akiwa ameshatoboa ukuta.

Kuna hita za aina ya pili, zenye bomba la moshi, yaani dohani, na wengi huamini kwamba kuwepo kwa bomba hilo kumemaliza shida. Je, ni kweli? Dohani ya hita ya kawaida haina mashine ya kuusukuma moshi. Moshi hupanda kwa sababu ni moto na mwepesi kuliko hewa ya nje, na ili upande unahitaji kipande cha bomba kinachosimama wima juu ya hita, angalau sentimita 60 hivi, kabla ya kona ya kwanza. Fundi anayeweka kona palepale juu ya hita, kisha akalilaza bomba hadi ukutani na kulikata likiwa limetokeza nje kiganja kimoja, ameuondolea moshi nguvu ya kupanda, na upepo ukivuma kuelekea ukuta huo moshi hurudi ndani. Kasoro nyingine ni bomba lililopunguzwa kipenyo kwa kuwa fundi hakuwa na la kipimo kinachofaa, maungio yaliyoachana, ndege aliyejenga kiota kwenye mdomo wa bomba, na dohani iliyoishia ndani ya dari badala ya kutokeza juu ya paa.

Kasoro iliyo ngumu zaidi kuigundua ni ile ya feni. Chini ya dohani, juu ya hita, kuna mwanya ulioachwa kwa makusudi ili upepo wa ghafla usizime moto. Moshi usipovutwa vizuri na dohani, hutokea kwenye mwanya huo na kuingia chumbani. Mwenye nyumba anayeona mvuke mwingi bafuni hufunga feni ya kutoa hewa nje, akidhani amesafisha hewa, lakini feni inapotoa hewa katika chumba kilichofungwa, hewa nyingine lazima iingie kufidia, na kama hakuna tundu la kuingizia hewa, njia iliyobaki wazi ni dohani yenyewe. Hivyo feni huweza kuuvuta moshi ushuke kutoka kwenye bomba uingie ndani. Feni iliyofungwa kwa nia njema, pasipo tundu la hewa lenye ukubwa wa kutosha, huifanya dohani ifanye kazi kinyumenyume.

Wengine watasema kwamba dawa ni kuitoa hita nje ya nyumba kabisa. Rai hiyo ni sahihi kwa sehemu kubwa, lakini nayo ina sharti lake. Mwezi Septemba mwaka 1994 mchezaji tenisi maarufu wa Marekani, Vitas Gerulaitis, aliyekuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Australia ya mwaka 1977, alifariki akiwa amelala katika nyumba ya wageni huko Southampton, jimbo la New York. Chanzo kilikuwa mtambo wa gesi wa kupasha moto maji ya bwawa la kuogelea, ambao ulifungwa vibaya, na moshi wake ukapenya hadi ndani ya nyumba. Mtambo huo haukuwa bafuni wala chumbani kwake, lakini moshi ulipata njia ya kumfikia. Kwa hiyo kuihamishia hita nje maana yake ni kuihamishia mahali ambapo moshi wake utatawanyika mbali na madirisha, matundu ya hewa na viyoyozi. Hita iliyofungwa kwenye kibaraza kilichozibwa kwa vioo, au chini ya dirisha la bafu lilelile, haijahamishwa kwa maana inayohusika hapa.

Wasikilizaji wapenzi, na turejee India kwa muda mfupi, kwa kuwa uzoefu wa huko una funzo linalowahusu pia wauguzi na madaktari. Wataalamu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu wa huko wameandika mara nyingi kuhusu wagonjwa walioletwa kwao wakidhaniwa kuwa na kifafa, kwa kuwa walianguka bafuni na baadhi yao walitetemeka mwili mzima. Vipimo vya ubongo vilionekana vya kawaida, na wengine walikwisha kuanzishiwa dawa za kifafa, hadi pale mtaalamu alipouliza swali moja: maji ya kuoga yalipashwa moto kwa kutumia nini? Kosa hilo ni jepesi kutendeka, kwa sababu mgonjwa akishatolewa nje huanza kuitoa sumu kwa kupumua. Katika hewa ya kawaida kiwango cha sumu katika damu hupungua kwa nusu katika saa nne hadi sita hivi, na akipewa oksijeni tupu hupungua kwa nusu katika muda wa saa moja hadi saa moja na nusu, hivyo kipimo kinachochukuliwa kwa kuchelewa huweza kukuta alama chache mno. Isitoshe, kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni hudanganyika, kwani hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, na huonyesha namba nzuri kwa mgonjwa ambaye ubongo wake una njaa ya oksijeni. Kipimo kinachofaa ni cha damu, kinachotafuta sumu hiyo yenyewe.

Je, mwenye nyumba atatambuaje mapema kwamba hita yake ina kasoro? Ziko alama kadhaa. Mwali wa moto unaopaswa kuwa wa buluu na uliotulia huwa wa njano na wenye kuyumba, masizi hujitokeza kwenye kasha au ukutani juu ya hita, mvuke hujaa kwenye kioo kupita kawaida, na watu wa nyumba moja hulalamika kwamba vichwa huwauma baada ya kuoga, kisha hupata nafuu wakikaa nje. Hata hivyo mwali wa buluu peke yake si hakikisho, kwa kuwa moshi wa hita isiyo na dohani hubaki chumbani hata kama gesi inaungua vizuri dakika za mwanzo. Fundi anayejua kazi yake hupima mvuto wa dohani kwa njia rahisi: hufunga mlango na dirisha, huwasha feni kama ipo, huiacha hita iwake kwa dakika chache, kisha hushika kijiti cha udi kinachofuka karibu na ule mwanya wa juu. Moshi wa udi ukivutwa kuingia kwenye mwanya, dohani inavuta. Ukisukumwa kuelekea chumbani, hita izimwe na isitumike tena mpaka kasoro irekebishwe. Jaribio hilo hueleza hali ya siku hiyo tu, na siku ya upepo matokeo huweza kuwa tofauti, ndiyo maana kengele ya kugundua kaboni monoksaidi, inayofungwa nje kidogo ya bafu, ni nyongeza yenye manufaa lakini haichukui nafasi ya ufungaji sahihi.

Kwa anayenunua hita mpya, mambo ya kushikilia ni mawili. La kwanza ni kwamba hita ya gesi inayotumia hewa ya chumbani isifungwe bafuni, iwe na dohani au isiwe nayo, bali ifungwe mahali pa wazi na maji moto yaletwe bafuni kwa bomba. La pili ni kwamba iko aina ya hita iliyofunikwa kabisa, ambayo huvuta hewa yake kutoka nje na kuutoa moshi wake nje kwa bomba pacha, bila kugusa hewa ya chumba. Aina hiyo ni ghali zaidi, lakini ndiyo pekee ambayo muundo wake umejibu maswali yote mawili, la hewa na la moshi.

Mwisho, iwapo mtu hajibu akiitwa kutoka bafuni, anayemwokoa asiingie akakaa humo, kwa maana waokoaji nao huanguka. Afunge kwanza valvu ya mtungi kama iko nje na karibu, afungue au avunje mlango, amtoe mgonjwa mara moja hadi kwenye hewa safi, na huduma ya kwanza ifanyike nje na si bafuni. Mgonjwa apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anasema hajambo, kwa kuwa athari za kumbukumbu, tabia na mwendo huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, na mjamzito apewe uangalizi wa pekee kwa sababu sumu humfikia mtoto aliye tumboni. Aliyempeleka asiseme tu kwamba mgonjwa ameanguka bafuni. Amwambie daktari kwamba bafu lilikuwa na hita ya gesi, na mlango na dirisha vilikuwa vimefungwa, kwa sababu bila maneno hayo daktari huenda asiombe kipimo cha damu wala asiagize oksijeni.